Kabla hamjapanda gari la kijijini

Wadogo zangu wadodosaji, juzi nimeikuta timu yenu stendi ya Tukuyu imekalia mabegi. Vishikwambi vimejaa chaji, betri za akiba zipo, ila barua ya utambulisho iko kwenye simu ya msimamizi, kapiga picha. Nikacheka, kisha nikaumia. Haya, fungueni daftari.

1. Betri za GPS nunueni mjini. Zilizotumika zifungeni mpira wa manjano, la sivyo mtazirudisha zile zile.

2. Kishikwambi kulala asilimia 100 hakutoshi. Usiku ule ule fungua dodoso, jaza kaya moja ya uongo hadi mwisho, kisha ifute. Fomu ambayo haijapakuliwa utaigundua ukiwa bado na mtandao. Na mkienda Makete mwezi wa sita, laleni na pawabenki ndani ya blanketi. Baridi ya kule hushusha chaji, mtu akadhani kauziwa feki.

3. Dodoso za karatasi chukueni kumi, kwenye mfuko wa plastiki, na penseli. Mvua ya Rungwe haina ratiba, na wino ukilowa hausomeki.

4. Barua. Hapa ndipo nilipoaibika.

Nilikuwa msimamizi kwa mara ya kwanza, nina wadodosaji sita na Noah ya kukodi. Barua ya chuo nikaipeleka mkoani kwa Katibu Tawala, nikashuka wilayani, nikamalizia kwa Mkurugenzi wa Rungwe. Mihuri mitatu! Nikajiona nimemaliza. Vijiji vyetu vilikuwa upande wa Busokelo. Kichwani mwangu wilaya moja ni mkurugenzi mmoja, basi.

Mtendaji wa kata alikuwa mama mtu mzima. Nikamwamkia, nikampa barua kwa mikono miwili. Akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kama anatafuta kilichosahaulika.

“Mwanangu, huyu siyo mkurugenzi wangu. Wangu yuko Lwangwa.”

Wilaya ya Rungwe ina halmashauri mbili. Nilikuwa na orodha ya vijiji mkononi, na jina la halmashauri limeandikwa juu kabisa, sikulisoma. Kibaya zaidi, kwa haraka zangu nilishawatawanya vijana kwa idhini ya mdomo ya mwenyekiti wa kitongoji. Kaya 11 zilikuwa zimeshahojiwa. Nikawapigia warudi, na zile kaya tukaziondoa kwenye takwimu, maana tulihoji bila kibali. Lwangwa mkurugenzi alikuwa kikaoni, tukasubiri siku mbili. Noah inahesabu, posho zinahesabu. Nilizilipa mimi, na nilikuwa nimeahidi mahari mwezi ule.

Siku ya tatu nikarudi kwa yule mama, barua mpya mkononi. Akaisoma, akagonga muhuri, akaiweka kwenye faili lake.

“Asante mwanangu. Sasa ya mtendaji wa kijiji iko wapi?”

Nilikuwa na hiyo hiyo moja.