Ukiandika "kusuka" pekee, utaletewa nywele

Video yangu ya kwanza ya vikapu vya ukili, ule utepe unaosukwa kwa majani yaitwayo miyaa, niliipa kichwa "Kikapu cha ukili, kazi ya mikono". Niliona kimetosha. Baada ya wiki chache nilifungua YouTube Studio, nikaingia Analytics, nikatazama sehemu ya "YouTube search", panapoonekana maneno waliyoandika watu kabla ya kufika kwangu. Wengi walikuwa wametafuta mpira wa kikapu. Walifungua, wakaona mikono na miyaa, wakaondoka ndani ya sekunde chache.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maneno ya kazi yetu yana maana nyingine zenye watu wengi kuliko sisi. "Kikapu" ni mchezo. "Kusuka" ni nywele. Wafinyanzi nao wana tabu hiyohiyo na "chungu", ambacho ni sisimizi na pia ladha. Kwa hiyo neno moja halitoshi kamwe. Liwekee jirani wa kulifunga maana. "Kusuka kikapu" ni bora kuliko "kusuka", na "kusuka kikapu cha ukili" ni bora zaidi, maana hakuna mwingine anayeweza kuandika hivyo isipokuwa mtu wako.

Lakini nilipofika hapo nikakutana na tatizo la pili. Anayetaka kujifunza mara nyingi hajui neno "ukili". Huo ni msamiati wetu sisi tunaokaa na miyaa kila siku. Mgeni huandika "jinsi ya kutengeneza kikapu cha asili", au "kufuma kikapu". Mnunuzi ndiyo kabisa: hajali kimesukwaje, anafikiria kitakaa wapi nyumbani. Ataandika "kikapu cha nguo chafu", "kikapu chenye mfuniko", "kikapu cha kuwekea zawadi".

Namna ninavyoyapata maneno hayo ni rahisi. Nafungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, ili historia yangu mwenyewe isinidanganye, kisha naandika polepole kwenye kisanduku cha kutafutia: "jinsi ya kutengeneza kik...", nasimama, nasoma yanayojitokeza chini. Hayo yanatokana na yale watu wanayotafuta. Hayakuambii ni wangapi, na katika Kiswahili mara nyingine hayatokei kabisa. Hiyo haimaanishi hakuna anayetafuta. Ndiyo maana chanzo ninachokiamini zaidi ni meseji na maoni ya watu. Mtu akiniuliza "mbona miyaa yangu inakatika nikikunja?" nalinakili swali lake kama lilivyo. (Jibu lake: imekauka, iloweshwe mpaka ilainike kabla ya kusuka.) Swali hilo ni kichwa cha video tayari.

Kosa nililolifanya baada ya hapo ni kutaka kuwakamata wote wawili kwa video moja. Niliandika "Jinsi ya kusuka kikapu cha nguo chafu, bei na kuagiza". Mwanafunzi alichoka na habari za kuagiza, mnunuzi hakuwa na subira ya kuangalia nikichana miyaa. Nikaigawa. Ile ndefu ikawa "Jinsi ya kusuka kikapu cha ukili: kuanza kitako hadi mishikio". Nyingine fupi, isiyofika dakika mbili, nikaiita "Kikapu cha nguo chafu chenye mfuniko: vipimo, bei na kuagiza". Maneno yenye uzito niliyaweka mwanzo, kwa sababu YouTube inaruhusu herufi 100 lakini kwenye simu kichwa kirefu hukatwa. Na kwa kuwa nimeandika "bei", bei naitaja mapema kwenye video. Ukiahidi usipotaja, mnunuzi anaondoka na hatarudi.

Sehemu ya maelezo nayo naitumia. Sentensi mbili za kwanza nazijaza kwa lugha ya kawaida, pamoja na majina mengine ya kitu kilekile: kapu, kikapu cha asili, kikapu cha miyaa. Sehemu ya "Tags" siisumbukii. YouTube wenyewe wanasema mchango wake ni mdogo, labda kwa maneno ambayo watu hukosea kuyaandika.

Ukishabadilisha kichwa, usikiguse tena kwa wiki kadhaa. Kisha rudi kwenye orodha ile ya maneno, safari hii ukitazama muda ambao watu wa kila neno walikaa. Neno linaloleta watazamaji wengi wanaokaa sekunde nane linakuletea wageni wa mtu mwingine, liondoe. Linaloleta wachache wanaokaa mpaka unafunga kitako, hilo litengenezee video ya pili.

Wiki iliyopita mteja aliniandikia akiulizia "tenga la nguo lenye kifuniko". Mimi siku zote nasema kikapu na mfuniko. Maneno yake yote mawili yako kwenye maelezo ya ile video fupi sasa.