Vijana wapya wakiingia saiti, mimi huwa nawaambia haya kabla hawajashika koleo

Saiti nyingi za huku kwetu Mbeya kijana mpya anafika saa moja asubuhi, anaulizwa jina, anaonyeshwa lundo la kokoto na kazi imeanza, helmeti atapewa kesho ikipatikana. Kama umepewa uforemani juzijuzi nakushauri usiende hivyo. Wakalishe dakika ishirini kwanza, na usiwasomee sheria zote za saiti maana hawatakumbuka hata moja, waambie yale yanayoweza kuwaumiza wiki hiyohiyo.

Mimi naanza na vifaa, na neno la kwanza kabisa ni kwamba vifaa ni bure. Kijana aliyetoka Rungwe au Ileje kutafuta kibarua anaogopa kuomba glavu akidhani itakatwa kwenye hela ya Jumamosi, kwahiyo anakaa kimya anabeba nondo kwa mikono mitupu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka hilo jukumu kwa mwajiri, sio kwa kibarua, sasa nawaambia kabisa akitokea mtu anasema buti unakatwa, njoo kwangu.

Helmeti huku ina mambo yake kwa sababu ya baridi. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi pale Uyole kila mtu ana mzula, na helmeti inapachikwa juu yake. Nawageuzia helmeti waone ndani. Kuna mikanda inayokaa kichwani, na kati ya mikanda na lile ganda kuna nafasi ya kama vidole viwili hivi, hiyo nafasi ndo inayokuokoa maana kitu kikidondoka mikanda inavutika na pigo linapungua kabla halijafika kwenye fuvu. Ukijaza mzula mnene, au pakiti ya sigara (wapo, tena wengi), hiyo nafasi umeiziba, na helmeti inakaa juujuu ukiinama tu inadondoka. Baridi ikikushinda vaa kofia nyembamba inayobana masikio, halafu kaza mkanda wa nyuma.

Kitu kingine ambacho hakuna anayewaambia ni zege. Wanajua zege ni zito, hawajui linaunguza. Likiingia kwenye gambuti kijana anaendelea kukanyaga tu kwa sababu haliumi pale pale, jioni akivua anakuta ngozi ya kifundo imebabuka, na ikishafika hapo ni hospitali. Siku ya kumwaga slabu suruali inakaa NJE ya gambuti, sio unaichomeka ndani, maana ukichomeka umeshalitengenezea zege njia. Glavu za kitambaa siku hiyo hapana, zinanyonya maji ya saruji zinakugandisha nayo mkononi, chukua za mpira. Likiingia usimalizie toroli, vua, osha na maji safi yanayotiririka kama dakika ishirini, na usipake mafuta.

Hayo nayamaliza haraka. Muda mwingi nautumia kwenye kutoa taarifa, kwa sababu helmeti unaweza kumvalisha mtu kwa lazima ila huwezi kumlazimisha akwambie alichokiona. Na kijana mpya anaona sana, yule aliyezoea keshaacha kuangalia.

Nawapa mfano wa saiti moja tuliyokuwa tunachimba mtaro wa bomba la majitaka, kina karibu mita mbili, mwezi wa pili, mvua imepiga usiku kucha. Mafundi wawili wapo chini wanasawazisha. Dogo mmoja saidia fundi nikamtuma mbao, akarudi bila mbao. "Shikamoo mzee, samahani, pale juu ardhi imepasuka." Kumbe alianza kumwambia fundi aliye chini, akajibiwa wewe umekuja jana unatufundisha kazi?

Nikapuliza filimbi, mafundi wakatoka kwa ngazi, ndipo nikaenda kuangalia, na huo mpangilio ni muhimu, watu watoke kwanza ukaguzi baadae. Nilipita kwenye ncha ya mtaro, sio ubavuni, maana ukisimama kwenye udongo unaotaka kuondoka unausaidia kuondoka. Ufa ulikuwepo kweli, umekwenda sambamba na mtaro kama nusu mita kutoka ukingoni, upana wa kidole. Udongo uliochimbwa jana yake ulikuwa umelundikwa pale pale ukingoni na umelowa, na chini ukutani vilikuwa vinadondoka vipande vidogo vidogo vya udongo bila mtu kugusa. Dalili tatu hizo, moja tu inatosha kutoa watu. Mita moja ya ujazo ya udongo ni tani moja na nusu na kuendelea, na ukifukiwa hadi kifuani hata kichwa kikiwa nje kifua hakipandi, hupumui.

Tukahamisha lile lundo likae mita moja au zaidi kutoka ukingoni, tukachimba kijifereji juu kuzuia maji ya mvua yasiingie, kisha tukasimamisha mabanzi kwenye kuta zote mbili na kukaza mirunda katikati, tukianzia juu, na hakuna aliyekanyaga sehemu ambayo haijaegemezwa. Kwangu mtaro ukipita mita moja na nusu ndo utaratibu, au kuta zilazwe kama nafasi ipo. Nusu siku ikaisha hivyo.

Na ukuta haukuanguka. Wakaanza utani, dogo ametupa mapumziko, dogo injinia. Hapo ndo foremani unapimwa, kwa sababu ukicheka na wewe au ukilalamika muda umepotea, hutaletewa taarifa tena hadi siku ya msiba. Nikawaambia mbele ya wote kwamba nusu siku inalipwa kama kawaida, na mtoa taarifa hatakiwi kuwa na uhakika, kazi yake ni kusema, kujua kama ni hatari au sio ni kazi yangu mimi. Yule fundi niliongea nae pembeni, ni mtu mzima sikutaka kumuaibisha.

Baada ya hapo taarifa zikaja nyingi, waya wa mikisa umechunika, murunda wa jukwaa umepasuka (miti ya mkaratusi ikiwa mibichi inapasuka ikikauka na kamba zinalegea, kwahiyo jukwaa kagua kila asubuhi), mwingine akaja kusema choo kinanuka. Nayo nikaandika.

Sasa utaratibu wenyewe ninaowapa: ukiona kitu acha kazi, mwambie aliye karibu atoke, halafu njoo kwangu au mpigie kiongozi wa kundi lako, usingoje kikao cha kesho asubuhi. Kifusi kikimfukia mtu usiruke ndani hata kama ni ndugu yako, mara nyingi ukuta unashuka mara ya pili na tunakuwa na wawili, piga kelele, piga 114 ya Zimamoto, zima mashine zote jirani, na karibu na mwili tunachimba kwa mikono tu baada ya kuegemeza.

Daftari la taarifa linakaa kwa mlinzi getini, sio ofisini kwangu, maana ofisini wanaona aibu kuingia na matope. Naandika tarehe, kilichoonekana, kilichofanyika na nani amekifanya, na asiyejua kuandika anamwambia mlinzi amwandikie. Asubuhi nalisoma kwa sauti, na lile ambalo halijafanyiwa kazi nalisoma tena kesho yake hadi lifanyiwe.