"Unahitaji nini?" na "Nikusaidieje?": niliyojifunza kwenye kaunta ya dawa za mifugo

Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la pembejeo na dawa za mifugo hapa Nakuru kwa miaka 11, na katika muda huo wote hakuna swali nililolitamka mara nyingi kuliko lile la kumpokea mteja. Miaka ya kwanza nilikuwa nikisema "Unahitaji nini?" bila kulifikiria. Siku hizi nasema "Nikusaidieje?", na sababu ya kubadilika haikuwa adabu peke yake, bali ni kwamba kila moja kati ya maswali haya humfungulia mteja mlango wake, naye huingia kwa mlango uliofunguliwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa Mei, mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, aliingia mzee mmoja kutoka upande wa Bahati. Nilikuwa nikihesabu magunia ya chakula cha ng'ombe wa maziwa, nikamsalimu kwa haraka na kumuuliza, "Unahitaji nini, mzee?" Akatazama rafu, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Nipe dawa ya kupe." Nikampa chupa ndogo ya mililita 40, nikamweleza aichanganye na lita 20 za maji na ahakikishe imefika ndani ya masikio na chini ya mkia. Akalipa, akaenda. Kwa mtazamo wa muuzaji hapakuwa na kosa lolote, kwa kuwa aliomba dawa ya kupe akapewa dawa ya kupe, tena pamoja na maelezo sahihi.

Siku ya nne alirudi kuniambia kwamba ng'ombe wake wa Frisiani amekufa. Ndipo nilipoyasikia mambo ambayo yangepaswa kusikika siku ile ya kwanza: kwamba alipokuja dukani ng'ombe alikuwa ameacha kula kwa siku mbili, maziwa yalikuwa yamepungua, chini ya sikio palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai, na usiku alikuwa akikohoa na kuhema kwa shida. Hizo ni dalili za ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe wa kahawia wa masikio. Kupe huyo huacha vimelea mwilini mwa ng'ombe, na vikishaingia, dawa ya kuogeshea haivifikii kamwe, kwa sababu kazi yake ni kuua kupe walio juu ya ngozi. Ng'ombe aliyefikia hali ile anahitaji daktari wa mifugo na sindano ya dawa inayopigana na vimelea vyenyewe, tena mapema, kabla mapafu hayajajaa maji. Nilipomuuliza mzee kwa nini hakunieleza, alinijibu kwa upole ambao uliniumiza kuliko kama angenigombeza: "Uliniuliza ninachohitaji, nami nikakutajia."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi moyoni. Swali langu lilimtaka alete jina la kitu, na yeye, kama mtu mwenye heshima, alitafuta jina la kitu. Alijua ugonjwa umetokana na kupe, kwa hiyo alifanya uchunguzi wake mwenyewe na kuniletea hitimisho. Mimi ndiye niliyemwachia kazi hiyo. Kama ningemuuliza "Nikusaidieje?", hangeweza kunijibu kwa jina la chupa kwa urahisi hivyo, maana swali lenyewe linamwomba aeleze hali iliyomtoa nyumbani.

Sasa niseme kuhusu toni yenyewe, ambayo watu wengi hudhani inatokana na sauti peke yake. Sehemu kubwa ya toni imo ndani ya umbo la kitenzi. Katika "unahitaji", kiambishi cha mwanzo ni "u-", yaani wewe: wewe ndiye unayetazamwa, na kinachotazamwa ni upungufu wako. Tusisahau kwamba kutokana na kitenzi hicho hicho tunapata neno "mhitaji", ambalo kila mtu analifahamu kuwa ni mtu asiye na kitu. Mteja mwenye pesa mfukoni hatafikiria neno hilo kwa makusudi, lakini mzee anayehesabu noti zake mara mbili kabla ya kuingia dukani hulisikia. "Unataka nini?" ni kali zaidi, kwani hapo anayehojiwa ni utashi wake, kama mtu aliyekutwa mahali asipotarajiwa.

Katika "nikusaidieje", anayetangulia ni "ni-", yaani mimi. Mgeni anakuja katikati kama "-ku-", yule anayetendewa, na kitenzi kinaishia kwa "-e" ya kuomba idhini au kupendekeza, ile ile tunayoitumia tunaposema "nikuletee chai?" Kwa hiyo kabla mteja hajafungua kinywa, msemaji amekwisha kujiwekea wajibu. Huo ndio ulaini ambao sikio linausikia, hata pale ambapo mtu hawezi kueleza umetoka wapi.

Njia ya kuhakikisha jambo hili ni kuweka maswali mengine mawili kando ya haya. "Una shida gani?" linauliza hali kamili ya mtu, kama linavyofanya "Nikusaidieje?", lakini hapa kwetu linasikika kama ugomvi, kwa sababu limerudi kwa "wewe" na kumbandika shida. "Nikupatie nini?" kwa upande wake linauliza jina la kitu, sawa na "Unahitaji nini?", na bado ni laini, kwa kuwa "mimi" ndiye niliye kazini. Basi kuna mambo mawili yasiyofaa kuchanganywa: ulaini unatokana na nani ametangulizwa na kitenzi kimeishiaje, ilhali aina ya jibu inatokana na kile kinachoulizwa. Mtu akilielewa hilo, anaweza kuchagua swali linaloifaa hali iliyo mbele yake.

Ndiyo maana simwambii msaidizi wangu atumie "Nikusaidieje?" kwa kila mtu. Mvua za masika zinapoanza na foleni ya wanunuzi wa mbegu na mbolea inafika barabarani, mkulima aliyekwisha kuamua anachukua mbegu gani hataki kuombwa asimulie shamba lake. Huyo anastahili "Nikupatie nini, mama?", na anajibu kwa neno moja, na wote wawili wanaridhika. Vivyo hivyo kwa mtu aliyeshika karatasi ya daktari wa mifugo. Lakini yeyote anayetafuta dawa ya mnyama bila karatasi, hata akiingia akitaja jina la dawa kwa uhakika, naomba aulizwe "Nikusaidieje?"

Kuna pia namna ya kuliharibu swali zuri. "Nikusaidie?" likitamkwa fupi, bila "-je", sauti ikipanda mwishoni na macho yakimpima mtu kutoka miguuni hadi kichwani, ni swali la mlinzi kwa mtu asiyemtaka getini. "Naweza kukusaidia?" halina ukali huo, lakini linajibika kwa "ndiyo", kisha mteja anabaki amesimama akingoja swali jingine. Na nomino "msaada" niliiacha kabisa, kwa sababu ukimuuliza mtu "Nikupe msaada gani?" umemhesabu miongoni mwa wanaoomba, jambo ambalo kitenzi "kusaidia" hakilifanyi. Wateja wetu wenyewe hukitumia kitenzi hicho bila aibu yoyote wanaposema "nisaidie na chumvi ya ng'ombe kilo mbili", wakiwa na pesa taslimu mkononi.

Ni haki pia kusema kwamba si kila anayeuliza "Unataka nini?" ni mkorofi. Nimelelewa Kisumu, na kwa Kidholuo swali "Idwaro ang'o?" ni la kawaida sokoni, kwani kitenzi chake kinabeba kutaka, kuhitaji na kutafuta kwa pamoja. Mtu anayelihamisha neno kwa neno hadi Kiswahili huwa hana nia mbaya, bali kilichoongezeka njiani ni ukali ambao yeye hausikii. Msaidizi wangu wa kwanza, kijana aliyetoka upande huo huo wa ziwa, alishangaa kuambiwa kwamba wateja wanamwona mkali. Sikumkemea. Nilimwomba asikilize majibu anayopata, kwa sababu majibu ndiyo yanayoonyesha jinsi swali lilivyopokelewa. Mteja akijibu kwa neno moja, akinyoosha kidole kwenye rafu badala ya kusema, au akianza na "basi nipe tu ile ya...", mara nyingi amejibu swali la kitu huku shida yake ikiwa bado haijatajwa. Akianza na "Nina ng'ombe wangu ambaye tangu juzi...", swali limefika.

Hapo ndipo kazi halisi inapoanza, na hapo ndipo wengi huliangusha. Ukishauliza "Nikusaidieje?" inakubidi unyamaze, uache ulichokuwa ukihesabu, umtazame mtu, na umruhusu aanze mahali anapopenda hata kama ni mbali. Mimi humwacha amalize, kisha namuuliza machache: Anakula? Anacheua? Maziwa yamepungua tangu lini? Umemshika chini ya sikio na mbele ya bega, kuna uvimbe? Anakohoa? Majibu ya maswali hayo hayanifanyi daktari, ila yananiwezesha kujua kama ninachopaswa kutoa ni chupa au ni namba ya simu ya daktari wa mifugo. Tena kwa kuwa nimesema "ni-", siwezi kumaliza kwa kusema "hiyo hatuna". Nimeahidi kusaidia, kwa hiyo nikikosa dawa namwelekeza inakopatikana, na ikiwa mnyama tayari anahema kwa shida nampigia daktari mimi mwenyewe mteja akiwa bado amesimama pale. Anayejua hana nafasi ya kuyafanya hayo ni heri aulize "Nikupatie nini?" na kuuza vizuri alichoombwa.

Mwaka uliofuata yule mzee alikuja tena. Niliiweka kalamu chini, nikamwambia, "Karibu, mzee. Habari ya nyumbani? Nikusaidieje leo?" Alisema ana ndama wa miezi mitatu ambaye asubuhi hiyo hakunyonya vizuri, na kwamba alipompapasa chini ya sikio alihisi kitu kigumu kikianza. Sikumuuzia chochote siku hiyo. Daktari alifika kwake kabla ya saa nane mchana, akampima ndama joto na kumdunga sindano. Zile chupa za dawa ya kuogeshea alikuja kuzichukua wiki iliyofuata, kwa ajili ya ng'ombe waliobaki zizini.