Mediani ya vipimo tisa vya feri ya Likoni

Wadogo zangu mnaoanza takwimu, nawaandikia kuhusu zoezi moja tu: kutafuta masafa ya uhakika ya mediani ukiwa na vipimo vichache. Mimi na mwenzangu tulilifanya kwa data ile ile, tukaleta majibu mawili. Yeye alipata dakika 11 hadi 35, mimi 9 hadi 28. Tulipitia misimbo yetu mstari kwa mstari, wala hatukuona kosa.

Data ilikuwa muda wa kusubiri feri Likoni, kuanzia kuingia foleni hadi kupanda, kwa siku tisa tofauti. Ukizipanga dakika hizo unapata 6, 9, 11, 14, 17, 21, 28, 35 na 74. Mediani ni 17, ile ya tano. Wastani unakaribia 24 kwa sababu ya siku moja tu ya dakika 74, na hapo ndipo mediani inapofaa zaidi.

Njia tuliyoambiwa tutumie ni butistrapu, aliyoileta Bradley Efron mwaka 1979. Chukulia umeandika namba hizo kwenye vikaratasi tisa ukavitia kikapuni. Unachomoa kimoja, unaandika namba yake, unakirudisha, unachomoa tena, mpaka umeandika namba tisa. Unatafuta mediani yake. Kisha unarudia kazi yote hiyo mara nyingi, unapanga mediani ulizopata, na unakata asilimia 2.5 chini na 2.5 juu, ibaki 95 ya katikati.

```python
import numpy as np
x = np.array([6, 9, 11, 14, 17, 21, 28, 35, 74])
rng = np.random.default_rng(7)
s = rng.choice(x, size=(10000, 9), replace=True)
m = np.median(s, axis=1)
print(np.percentile(m, [2.5, 97.5]))
print(np.unique(m, return_counts=True))
```

Jibu ni 9 hadi 35. Ukiona `ValueError` badala ya jibu, basi umeandika `replace=False`: vikaratasi havirudi kikapuni, na tisa havitoshi kutoa namba zote 90,000 unazoomba. Na ile 9 ndani ya `size` isiguswe. Ukiweka 50 masafa yatasinyaa na kupendeza, lakini utakuwa umejipa vipimo ambavyo hukuvikusanya.

Mstari wa mwisho wa msimbo ndio uliotufumbua macho. Mediani ya namba tisa lazima iwe mojawapo ya namba zenyewe, kwa hivyo mediani zote elfu kumi zinaangukia kwenye thamani tisa tu. Ukingo wa masafa hautelezi polepole. Ukiiacha 9, unaruka hadi 11. Sasa, nafasi ya mediani ya butistrapu kuwa 9 au chini yake ni kama asilimia 3.04, na sisi tunakata kwenye 2.5. Ziko karibu mno. Sisi tulirudia mara 200 tu. Katika marudio 200 unategemea mediani kama sita za namna hiyo, na mkato wenyewe uko kati ya ya tano na ya sita. Ikipungua moja tu, ukingo tayari umefika karibu 11. Upande wa juu hali ni hiyo hiyo, kati ya 35 na 28. Kwa marudio 10,000 unategemea kama 304 wakati mkato uko karibu na 250, na bahati peke yake ni nadra kulifuta pengo hilo.

Kuna njia ya kuhakiki bila kompyuta, na mimi huiandika kando ya jibu kila mara. Kila kipimo kina nafasi nusu ya kuwa chini ya mediani ya kweli. Masafa ya kuanzia namba ya pili hadi ya nane yanaikosa pale tu ambapo kipimo kimoja au hakuna kimeangukia upande mmoja wake. Hiyo ni (1 + 9)/512 kwa kila upande, jumla 20/512, karibu asilimia 3.9. Kwa hivyo 9 hadi 35 ni masafa ya asilimia 96.1.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa vipimo vitano. Hata ukichukua kutoka kidogo kabisa hadi kikubwa kabisa, unakosa mara 2/32, yaani unafikia 93.75 tu. Butistrapu itakupa masafa hayo hayo, nawe utaandika 95 juu yake bila kujua. Ukiwa na vitano, andika 93.75.

Jambo la mwisho liko kwenye daftari lako, si kwenye msimbo. Sisi tulipima siku tisa tofauti. Ukipima mara tisa asubuhi moja ya Jumatatu, foleni ni ile ile: feri moja ikichelewa, vipimo vitatu au vinne vinavyofuata vinapanda pamoja. Kikapu hakilijui hilo, na masafa yatakuwa membamba kuliko inavyostahili. Kwa hivyo andika tarehe na saa kando ya kila kipimo, na uziweke kwenye ripoti.