Maswali na majibu: Bahasha za kibarua mwenye marejesho matatu

"Mimi ni saidia fundi Mbagala, napata 20,000 kwa siku. Nina rejesho la kikundi 18,000 kila Ijumaa, kikoba 10,000 kila Jumapili, na mtu wa kausha damu 2,000 kila siku. Nagawaje kwenye bahasha?"

Ahsante kwa kutaja kila deni na siku yake. Wengi huniandikia "nina madeni mengi" basi. Madeni yako ni 42,000 kwa wiki. Kosa linalowaangusha vibarua ni kugawa hiyo kwa 7 na kuona 6,000 kwa siku inawezekana. Deni linahesabu siku saba, wewe unalipwa siku ulizoitwa saiti tu. Hesabu siku ulizofanya kazi kweli wiki nne zilizopita. Tuseme ni tano kwa wiki: basi bahasha ya marejesho inadai 8,400 kila siku ya kazi.

Chakula cha nyumbani kikiwa 5,000 kwa siku, watu wanakula siku zote saba, kwa hiyo ni 7,000 kila siku ya kazi. Chumba cha 40,000 kwa mwezi kinadai karibu 2,000. Nauli 1,500. Jumla 18,900. Zinabaki 1,100, nazo ni za bahasha ya tano, niandikie juu yake SIKU ZA KUKOSA. Hiyo si ya soda wala vocha.

Sasa tazama wiki ya mvua, siku nne za kazi. Unaingiza 80,000, mahitaji ni 93,000, maana kinachopungua ni nauli ya siku moja tu. Pengo ni 13,000, na bahasha ya tano inahitaji zaidi ya siku kumi za kazi kulijaza. Kwa hiyo Jumatano jioni hesabu bahasha ya marejesho. Ikiwa haina angalau 10,000 baada ya kumpa wa kausha damu, nenda kwa mwenyekiti wa kikundi siku hiyo hiyo. Anayesema Jumatano husikilizwa. Anayezima simu Ijumaa hufuatwa nyumbani na wenzake waliomdhamini.

Na vunja noti kabla hujafika nyumbani. Noti mbili za elfu kumi hazigawanyiki kwenye bahasha tano, na ikilala nzima, asubuhi itatoka nzima.

"Kwa nini nisiweke kwenye simu tu? Bahasha zimepitwa na wakati."

Kama umewahi kutumia Songesha au huduma nyingine ya kujaziwa salio, unajua: hela ikiingia, deni linakatwa kwanza. Utaweka 7,000 ya unga na mafuta, ukute imebaki 3,000. Halafu kuna makato ya kutoa. Weka kwenye simu kile tu unacholipa kwa simu, siku ile ile unayolipa.

"Ile kanuni ya 50/30/20, yaani asilimia 50 ya kipato mahitaji, 30 matakwa, 20 akiba na madeni, inafaa kwa kibarua?"

Haifai. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Tazama hesabu ya hapo juu: mahitaji na marejesho yanakula 18,900 kati ya 20,000.

"Nikikosa rejesho naruhusiwa kuchota bahasha ya chakula?"

Hapana. Ukichota ya chakula, kesho utakopa unga dukani, na hilo ni deni la nne ambalo hukuliandika popote. Chota ya SIKU ZA KUKOSA. Ikiwa tupu, omba muda.

"Kuna mtu yuko tayari kunipa 50,000 nimalizie madeni madogo, narudisha 2,000 kwa siku 30. Nichukue?"

Usichukue. Utarudisha 60,000, yaani asilimia 20 kwa mwezi, wakati Benki Kuu iliwawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni ukomo wa asilimia 3.5. Tena ni mbaya kuliko inavyoonekana: unaanza kurudisha kesho yake, kwa hiyo siku ya 15 nusu ya marejesho umeshayatoa, lakini riba bado ni ya 50,000 nzima. Wanaiita kausha damu kwa sababu inakausha. Akikudai kadi ya benki na namba ya siri kama dhamana, ondoka hapo hapo. Kadi ikiwa kwake, yeye ndiye anayepokea mshahara wako.

Mkopo wa kausha damu ulio nao tayari, malizia huo kwanza. Ukiisha, ile 14,000 ya wiki usiiachie ipotee mfukoni: iendelee kuingia kwenye bahasha ile ile, 2,800 kila siku ya kazi, na nusu yake iende SIKU ZA KUKOSA. Pengo la wiki ya mvua litazibwa na bahasha hiyo kabla hujamwita mkopeshaji.

"Bahasha nizifiche wapi?"

Popote pasipokuwa saiti. Na mwenzako wa ndani ajue ziko wapi na kila moja ni ya nini. Bahasha ambayo mke au mume haijui huchotwa bila kosa.