Dawa ya Pumu Isiishie Shavuni: Majibu Kuhusu Spesa ya Mtoto

Mwanangu ana miaka miwili. Nikimgusa na barakoa analia, kwa hiyo naishikilia karibu na uso tu. Mbona dawa haimsaidii?

Kwa sababu haimfikii. Mtoto huvuta hewa kutoka pale inapopatikana kwa urahisi. Ukiacha upenyo kati ya barakoa na shavu, atavuta hewa ya chumbani kupitia upenyo huo, na dawa itabaki ndani ya spesa, yaani ile chupa inayounganisha inhela na barakoa. Upenyo wa sentimita moja tu unaweza kupoteza nusu ya dawa au zaidi.

Mpakate, mgongo wake uegemee kifua chako, na mkono wako mmoja umzuie asirushe mikono. Anza na daraja la pua: weka ukingo wa juu wa barakoa hapo, kisha ushushe ukingo wa chini mpaka ukae juu ya kidevu, si chini yake. Pua na mdomo viwe ndani, macho yawe nje. Bonyeza kwa upole lakini kwa uthabiti. Barakoa ikigusa macho au ikipita kidevu ni kubwa mno, tafuta ya umri wake.

Kulia nako hakuvushi dawa, ingawa wengi huamini kwamba mtoto anayelia huvuta zaidi. Anayelia hutoa pumzi ndefu, kisha huvuta moja fupi ya ghafla, na dawa nyingi hugonga koo na kumezwa. Mzoeshe barakoa tupu wakati hana shida yoyote: aiguse, aiweke mwenyewe usoni, amvalishe mwanasesere.

Naomba wazazi walizingatie hili. Watoto wengi huongezewa dawa kliniki wakati kasoro iko kwenye barakoa. Kabla hujakubali dozi ipandishwe, mwonyeshe mhudumu jinsi unavyoitumia spesa hatua kwa hatua.

Daktari kaandika mipulizo miwili. Naweza kubonyeza yote kwa mkupuo?

Hapana. Nimeshajibu hili mara nyingi, na bado linaulizwa. Matone ya mipulizo miwili yakikutana ndani ya spesa hugongana, huwa makubwa na kunata kwenye kuta, hivyo mtoto hupata pungufu ya mipulizo miwili.

Tikisa inhela, ichomeke kwenye spesa, bana barakoa usoni, bonyeza mpulizo mmoja na mtoto aanze kuvuta papo hapo, maana ukungu wa dawa hutua ndani ya sekunde chache. Akimaliza pumzi zake, ondoa barakoa, subiri kama nusu dakika, tikisa tena, kisha rudia. Inhela mpya, au iliyokaa siku kadhaa bila kutumika, ijaribu kwanza hewani mbali na uso, kwa idadi ya mipulizo iliyoandikwa kwenye karatasi yake.

Na kama inhela ya kutuliza inahitajika tena kabla ya muda wa saa 4 kupita, mpeleke hospitali. Mbavu zikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au kuongea, au midomo ikigeuka bluu, nenda mara moja huku ukiendelea kumpa inhela hiyo.

Nitajuaje amevuta pumzi za kutosha?

Tazama vali, kile kijilango cha spesa kinachocheza mtoto akipumua, usihesabu kwa kukisia. Kila inapofunguka na kufunga ni pumzi moja, na pumzi 5 au 6 za kawaida zinatosha. Mtoto mchanga ana pumzi ndogo zisizomaliza ukungu haraka, mwache afikishe 10. Vali isipocheza wakati kifua kinapanda na kushuka, kuna upenyo mahali, au vali imekwama. Spesa ikipiga mluzi, mtoto anavuta kwa kasi mno.

Nimpe akiwa usingizini?

Si njia ya kutegemea. Wengi huamka na kupigana na barakoa. Akiwa amebanwa na pumu, mwamshe.

Naiosha spesa na kuikausha kwa taulo, lakini ndani kuna unga mweupe. Ni uchafu?

Ni dawa ya mwanao. Taulo linaposugua plastiki huzalisha umeme tuli, nao huvuta dawa ikanata ukutani. Tenganisha sehemu zote, ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye matone ya sabuni ya maji ya vyombo kwa dakika kama 15, uzitikise humo bila kusugua. Chupa yenyewe usiisuuze, maana utando mwembamba wa sabuni ndio unaozuia umeme huo. Barakoa isuuze, isimchubue ngozi. Kisha kung'uta maji, simamisha na uache ikauke yenyewe. Fanya hivyo kabla ya matumizi ya kwanza, halafu mara moja kwa mwezi. Kama ni ya chuma au ya plastiki isiyoshika umeme tuli, fuata karatasi yake. Ikipasuka au vali ikikakamaa, nunua nyingine.

Barakoa ataiacha lini?

Akiweza kuuma mdomo wa spesa, kuufunga kwa midomo na kupumulia humo bila kutumia pua. Wengi huweza wakiwa na miaka 4 au 5.

Inhela ya kinga imemletea utando mweupe mdomoni. Niiache?

Usiiache. Mpeleke atibiwe huo utando, na kila baada ya dawa asukutue na kutema, au mpe maji ya kunywa kama bado hajui kutema. Mfute na uso pia.