Vipele vya kifuani na mikononi baridi ikiisha: anza na ngozi mwezi wa nane

Swali: "Jambo wote. Niko Lubumbashi, nina miaka 27. Kila mwaka baridi ikiisha, siku ya kwanza nikishinda shambani kwenye jua, kesho yake shingo, kifua na mikono vinajaa vipele vidogo vinavyowasha hadi silali. Usoni sina hata kimoja. Baada ya wiki hivi vinaisha vyenyewe. Ni aleji ya nini, na nifanyeje mwaka huu visirudi?"

Mdogo wangu, ugonjwa huo ninao tangu ujana, na mama yangu alikuwa nao. Madaktari wetu waliosoma Kifaransa huuita lusiti, yaani ngozi kukataa mwanga wa jua. Hauambukizi, wala hautokani na damu chafu kama watu wanavyopenda kusema.

Jibu lako liko kwenye hilo la uso. Uso unaonana na jua mwaka mzima, kwa hiyo umeshalizoea. Kifua na mikono ya juu vilikaa chini ya sweta na koti tangu mwezi wa tano, halafu siku moja ukavitoa vyote pamoja. Kwa watu wengi jua hutuliza kinga ya mwili iliyoko kwenye ngozi. Kwetu sisi utulivu huo hauji vizuri, na kinga inaishambulia ngozi iliyoguswa na mwanga kana kwamba ni kitu kigeni. Jua likiongezwa kidogo kidogo, ngozi hujifunza kunyamaza. Karibu njia zote za kuzuia ugonjwa huu zimejengwa juu ya jambo hilo moja.

Kwetu Lubumbashi mambo yanazidishwa na mahali penyewe. Mji uko kwenye mita kama 1,200 juu ya bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyochujwa kidogo. Mwezi wa sita jua la mchana linapita limeinamia kaskazini. Kufikia wiki ya mwisho ya Oktoba linapita utosini kabisa, na mawingu ya mvua bado hayajafika. Na hicho ndicho kipindi cha kulima! Mwezi wa pili jua linarudi utosini tena, lakini wakati huo mawingu ni mengi na ngozi imeshakomaa, ndiyo maana watu wengi wa aina yetu hawapati kitu.

Kabla ya kuendelea, hakikisha kweli ni hicho. Angalia saa. Vipele vyetu havitoki ukiwa juani. Vinakuja saa kadhaa baadaye, mara nyingi jioni au kesho yake. Vikitoka ndani ya dakika chache na kufutika baada ya saa moja au mbili, huo ni ugonjwa mwingine. Vipele vya joto hukaa palipofunikwa penye jasho, na upele wa kuambukizana hupenda katikati ya vidole, huwasha zaidi usiku na kushika nyumba nzima. Nasema hivyo kwa sababu kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Unaona tu vidoto kama kichwa cha pini, na muuguzi mwenye haraka anaviita upele. Mimi niliwahi kupewa dawa ya upele ya kujipaka mwili mzima, ikaniunguza juu ya kuwasha.

Sasa mpango wenyewe. Anza katikati ya Agosti, kama mwezi mmoja na nusu kabla ya kulima. Vaa blauzi ya mikono mifupi yenye shingo wazi, ukae juani asubuhi kwenye saa tatu au saa nne, dakika 5 tu, kisha uvae nguo zako. Fanya hivyo siku tatu au nne kwa wiki. Wiki ya pili fanya dakika 10, wiki ya tatu 15, na uendelee hivyo mpaka ufike nusu saa. Kufua nguo uani kunatosha, si lazima ukae kama mtu anayeanika samaki. Ukianza kuwashwa, acha siku chache, halafu rudi kwenye dakika za wiki iliyotangulia. Lengo si kuungua. Ngozi ikiuma umepita kipimo. Na ukishafika, usijifunike tena mwezi mzima, kwa sababu mazoea hayo hupotea.

Mpango huu haumfai mwenye ualbino, wala mwenye ugonjwa wa lupasi, wala anayetumia dawa inayofanya ngozi iogope jua. Doksisiklini, ambayo wengine wanaimeza kwa ajili ya malaria, ni mojawapo. Anayejipaka krimu za kung'arisha ngozi naye aache kwanza, maana ameshaiondolea ngozi ulinzi wake.

Siku yenyewe ya shamba, tegemea nguo kuliko krimu. Kikwembe kipya kizito kilichofumwa kwa kubana kinazuia vizuri. Kile cha zamani kilicholegea hapana. Kiinue kuelekea dirisha: ukiona mwanga unapenya, na miale inapenya. Nguo iliyolowa jasho huwa inapitisha zaidi. Lima alfajiri, na kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, ingia chini ya mwembe au rudi nyumbani.

Krimu ya jua ni ghali, na nyingi zinazouzwa hazitufai. Namba ya SPF inaeleza zaidi miale inayounguza, wakati sisi mara nyingi tunachokozwa na ile mingine, UVA, inayopita hata kwenye kioo cha dirisha la gari. Tafuta chupa yenye SPF 30 au zaidi, na juu yake herufi UVA ndani ya duara. Kisha paka ya kutosha: kijiko kizima cha chai kwa kila mkono, na kingine kwa shingo na sehemu ya kifua iliyo wazi. Rudia kila baada ya saa mbili, au mapema zaidi ukitoka jasho. Ukipaka tone moja ili chupa ifike Krismasi, umenunua manukato.

Vikitoka pamoja na hayo yote, kaa kivulini siku kadhaa na weka kitambaa cha maji baridi. Krimu ya hidrokotizoni, siku chache tu na si usoni, inapunguza muwasho, na setirizini ya usiku inakusaidia kulala ingawa haiondoi vipele. Usikune: vipele vyenyewe haviachi kovu, ila kucha huacha madoa meusi yanayokaa miezi.

Nenda kwa daktari kama vinazidi wiki mbili bila jua jipya, au uso unavimba, au kuna homa, viungo kuuma na vidonda mdomoni. Vilevile kama ngozi ya shingoni na mikononi inakuwa nyeusi, inachoma kuliko kuwasha na kubambuka, na una kuhara: kwa mtu anayekula bukari ya mahindi karibu bila nyama, karanga wala maharagwe, huo unaweza kuwa pelagra, na dawa yake ni vitamini.

Umri sikukuuliza, lakini dawa nakuuliza: kuna kidonge chochote unachomeza kila siku, hata cha malaria? Niandikie kabla hujaanza zile dakika 5.